Tamasha la shule: mwenyekiti anasema milioni, bahasha inasema 230,000

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni mweka hazina wa kamati ya wazazi, shule ya msingi hapa Moro. Tulifanya tamasha la kuchangia madawati. Tuliprinti tiketi 400 za wakubwa za 5,000 na 300 za watoto za 2,000. Zimerudi 88 za wakubwa na 95 za watoto, 24 za wakubwa tuligawa bure kwa wageni. Mwalimu mmoja aliuza 9 za wakubwa hela hajaleta. Ukumbi tulilipa 800,000, humo ndani 200,000 ni amana, wamesema watakata 50,000 sababu ya viti. Mziki 450,000, dereva wa mziki alidai 50,000 getini nikampa. Kuprinti 260,000. Waliolipa kwa simu ilibidi nikatoe kwa wakala, makato 15,000. Mkononi ziliingia 1,790,000. Nikitoa gharama napata 280,000 ila kwenye bahasha kuna 230,000, na mwenyekiti ameshatangaza faida 1,090,000, madawati 15. Fundi anauza dawati 70,000. Wananiangalia vibaya. Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Nianze na kinachokuumiza zaidi: hakuna shilingi iliyopotea hapo. Nimekaa na namba zako na kalamu jana usiku, nikazipiga mara mbili, na kila hela ina mahali ilipo. Ila faida yenu sio 1,090,000, sio 280,000 na wala sio 230,000. Ni 425,000. Twende taratibu nikuonyeshe inatokea wapi, maana hiyo ndo utakayosimama nayo kwenye kikao na unatakiwa uweze kuieleza bila kutetemeka.

Mwenyekiti kwanza. Yeye amechukua tiketi zote mlizoprinti akazizidisha kwa bei, 400 kwa 5,000 ni milioni 2, 300 kwa 2,000 ni laki 6, jumla 2,600,000, akatoa ukumbi na mziki na kuprinti, 1,510,000, ikabaki 1,090,000. Hesabu ya kutoa na kuzidisha iko sawa kabisa, tatizo ni kwamba amehesabu makaratasi sio watu. Tiketi iliyorudi sio hela ya 5,000 iliyopotea, ni karatasi iliyogharimu kama 370 kuichapa, na hiyo hela tayari iko ndani ya ile 260,000. Hii naiona karibu kila harambee, mtu anaprinti tiketi nyingi halafu akilini anazichukulia kama hela iliyoko njiani inakuja. Ukiprinti tiketi 1,000 haimaanishi una milioni 5, una karatasi 1,000.

Hesabu ya mauzo inaanzia kwa tiketi zilizotoka, unatoa zilizorudi, unatoa za bure, inayobaki ndo iliyouzwa. Kwa wakubwa ni 400 toa 88 toa 24, zinabaki 288. Kwa watoto 300 toa 95 zinabaki 205. Kwa hiyo 288 kwa 5,000 ni 1,440,000 na 205 kwa 2,000 ni 410,000. Mauzo yenu ni 1,850,000. Hapa ndo pa kuanzia, sio kwenye bahasha, kwa sababu bahasha inaweza kudanganya lakini tiketi zenye namba hazidanganyi.

Sasa unauliza, mbona mkononi ziliingia 1,790,000 tu, pengo la 60,000 liko wapi? Umeliandika mwenyewe bila kujua. Zile tiketi 9 za mwalimu ni 45,000, na makato ya wakala 15,000. Jumla 60,000 kamili. Ila angalia, hivi vitu viwili havifanani hata kidogo. Hela ya mwalimu ni deni, itakuja, kwa hiyo inahesabiwa kwenye mauzo tangu sasa. Makato ya wakala hayarudi, hayo ni gharama kama gharama nyingine, yanakaa mstari mmoja na ukumbi na mziki. Watu wengi wanayamezea humo kwenye mauzo, wanaandika tu hela iliyofika mkononi, matokeo yake siku ya kikao mtu akizidisha tiketi kwa bei namba hazikutani na anayeonekana mwizi ni mweka hazina.

Tuje kwenye gharama, na hapa ndo ulipoteleza wewe, mara mbili. Kwanza amana. Wewe umeandika ukumbi 800,000, lakini ukumbi haujawagharimu hivyo. Kodi ni 600,000, ile 200,000 ni hela yenu iliyolala kwa mwenye ukumbi. Atakata 50,000 ya viti, kwa hiyo ukumbi umewagharimu 650,000 na 150,000 inarudi. Amana sio gharama mpaka pale itakapokatwa, na inakuwa gharama kwa kile kilichokatwa tu. Pili ni ile 50,000 ya dereva. Ulimpa, hukuiandika, ndo maana karatasi yako inasema 280,000 na bahasha inasema 230,000. Tofauti yote ni dereva. Nadhani ulikuwa unalala ukiifikiria hiyo elfu hamsini, sasa lala.

Kwa hiyo gharama halisi ni ukumbi 650,000, mziki pamoja na usafiri wake 500,000, kuprinti 260,000 na makato ya simu 15,000. Jumla 1,425,000. Ukitoa kwenye mauzo 1,850,000 unabaki na 425,000, hiyo ndo faida. Na ili mtu asibishe, ithibitishe kwa upande wa pili, yaani kwa hela yenyewe. Sasa hivi una 230,000. Amana ikirudi 150,000 unakuwa na 380,000. Mwalimu akileta 45,000 unafika 425,000. Njia mbili tofauti, moja imeanzia kwenye tiketi nyingine imeanzia kwenye bahasha, zimekutana sehemu moja. Zikikutana hivyo hesabu imefungwa. Zisipokutana usitangaze chochote, rudi utafute.

Kwa bei ya fundi wenu ni madawati 6 na 5,000 inabaki. Najua sio 15, na najua ni vigumu kumwambia mwenyekiti ambaye ameshatangaza, ila bora umwambie wewe na karatasi kabla ya kikao, nyinyi wawili peke yenu, kuliko aje aambiwe na mzazi mwenye kalkuleta mbele za watu. Mpe heshima yake, mwambie "mwenyekiti, naomba tupitie pamoja, kuna tiketi zilirudi." Mara nyingi inaishia hapo.

Zile 24 za bure, nimeona kwenye maelezo yako kama una wasiwasi nazo. Mtu mwingine angepiga kelele kwamba mmepoteza 120,000. Sio kweli, isipokuwa kama wale wageni wangenunua wenyewe au kama ukumbi ulijaa mkarudisha watu wenye hela mlangoni. Kama viti vilibaki wazi, mgeni aliyekaa bure hajawapunguzia chochote. Kilicho muhimu ni ziandikwe, namba ya tiketi na jina la aliyepewa, kwa sababu "tiketi ya bure" ndo mlango ambao hela ya tiketi iliyouzwa hutokea ikapotea. Mtu anauza, anaweka mfukoni, akiulizwa anasema hiyo niligawa.

Kuna kitu kimoja hujaniambia kama mlifanya, vile vipande vya tiketi vilivyochanwa mlangoni mmevitunza? Kama vipo kwenye boksi vihesabu leo. Vinatakiwa visizidi 493 zilizouzwa ukijumlisha na 24 za bure, yaani 517. Vikiwa pungufu, tuseme 480, ni kawaida kabisa, kuna watu wananunua kwa kusapoti halafu hawaji. Vikizidi 517 hapo ndo kuna jambo, ina maana kuna tiketi mtu kachapa pembeni au kuna zilizorudishwa kwenye karatasi lakini zilitumika. Na zile 88 na 95 zilizorudi zishike mkononi uzihesabu karatasi kwa karatasi, usikubali mtu akuandikie tu "zimerudi 20".

Sasa naomba nikupe kitu ambacho ndo sababu hasa ya mimi kukujibu kirefu hivi, maana mwakani mtafanya tena na hapa ndo pesa ilipo. Angalia gharama zenu. Ukumbi, mziki, kuprinti, vyote hivyo mngelipa vile vile hata kama wangekuja watu 10. Spika haijui ukumbini wako wangapi. Hii ni tofauti na kuuza maandazi, ambako kila andazi lina unga wake na mafuta yake. Kwenye tamasha gharama karibu yote inalipwa kabla mtu wa kwanza hajaingia, na baada ya hapo kila anayeingia anakuja na hela nzima.

Gawanya mauzo yenu 1,850,000 kwa tiketi 493 zilizouzwa, unapata kama 3,750 kwa kila kichwa, mkubwa na mtoto kwa pamoja. Halafu gawanya gharama 1,425,000 kwa hiyo 3,750. Inakuja 380. Maana yake watu 380 wa kwanza walikuja kumlipa mwenye ukumbi, mwenye mziki, mchapishaji na wakala wa simu. Hawakuchangia dawati hata moja. Madawati yote 6 yameletwa na watu 113 wa mwisho. Nilipoiona hii namba kwenye hesabu za kwaya yetu miaka ya nyuma nilikaa kimya muda mrefu, nilikuwa sijawahi kuwaza hivyo. Kama siku ile ingenyesha mvua wakapungua watu 113 mngetoka sifuri, wangepungua 150 shule ingekuwa na deni.

Lakini igeuze upande wa pili uone. Wakiongezeka wakubwa 28 tu, ni 140,000, madawati mawili, bila gharama yoyote mpya. Ndo maana nasema kwenye tamasha lenye ukumbi wa kulipia, kazi ya wiki ya mwisho ya kuuza ina thamani kuliko kazi ya miezi miwili ya maandalizi. Tiketi 88 za wakubwa zilizorudi, kama theluthi yake tu ingeuzwa mngekuwa na madawati 8 badala ya 6.

Sasa machaguo ya mwakani, nitakuambia na ubaya wake.

Watu watawaambia pandisheni bei. Hesabu yake iko hivi, wakubwa walileta 1,440,000 kwa 5,000. Mkiweka 7,000 mnahitaji wakubwa 206 kupata kitu kile kile, kwa hiyo mnaweza kupoteza hadi wakubwa 82 msiumie. Inavutia. Ila kuna mtego, mtoto haji peke yake, mzazi asipokuja na mtoto wake haji, na 2,000 yake inaondoka naye. Na kwa shule ya mtaani kutoka 5,000 kwenda 7,000 kwa baba, mama na watoto watatu ni kutoka 16,000 kwenda 20,000, hiyo inaonekana. Mimi ningeweka 6,000 getini na 5,000 kwa anayenunua mapema, faida kubwa hapo sio ile elfu moja, ni kwamba mnajua mapema wangapi wanakuja. Bei ya mtoto msiiguse, ndo inayomvuta mzazi.

Wengine watasema fanyeni uwanja wa shule muokoe ukumbi. Hapa kuwa makini. Ni kweli 650,000 inatoka, lakini viti havipo, turubai halipo, labda na umeme wa kubeba mziki haupo. Tuseme viti 500 vya kukodi kwa 500 kimoja, hiyo tayari 250,000, weka turubai, mafuta ya jenereta, mlinzi wa usiku wa kulinda viti vya watu. Na uwanja hauna mlango mmoja. Mtu anaangalia shoo kupitia michongoma bila tiketi, na hilo linaua mauzo kuliko chochote. Kama uwanja una ukuta na geti moja, na mkafanya mchana bila kuhitaji taa, na sio Machi na Aprili ambapo Moro mvua inaweza kumwaga, basi inalipa. La sivyo ukumbi unabaki bora.

Ninayoipenda mimi ni kuitafutia kila gharama mtu wa kuilipa. Mwenye duka la vifaa vya shule hapo jirani alipie kuprinti, jina lake likae kwenye tiketi na bango. Hiyo 260,000 inahama yote kwenda kwenye faida, ni sawa na kuuza tiketi 52 za wakubwa bila kutoka jasho, na mstari wenu wa kurudisha gharama, wale watu 380, unashuka mpaka kama 311. Ni rahisi mtu kukupa laki mbili na nusu akiona inachapa kitu chenye jina lake kuliko kukupa mchango wa jumla. Ila hakikisha analipa kabla ya kuchapa. Ahadi haiprinti.

Kwenye kuprinti kwenyewe usitegemee kuokoa sana kwa kupunguza idadi. Kama wanachapa kwa mashine kubwa, hela nyingi inaenda kwenye kutengeneza pleti na kupanga mtambo, tiketi 500 na tiketi 700 bei yake inakaribiana. Muhimu zaidi wazipige namba mfululizo na kishina kinachobaki na muuzaji. Tiketi isiyo na namba ni zawadi kwa mwizi.

Mziki sasa, maana ule wa 50,000 getini umenikumbusha yangu. Mwaka mmoja tulikodi mziki wa kwaya, bei tumekubaliana kwa simu, vyombo vimefika saa tisa, watu wanaingia saa kumi, jamaa anasema bei ile ilikuwa ya vyombo tu, fundi wa kukaa kwenye mixa ni bei nyingine. Ungefanyaje? Tulilipa. Tangu siku hiyo siulizi "mziki bei gani", nauliza bei gani mpaka vyombo vimefika, vimefungwa, kuna fundi anakaa mpaka mwisho, umeme ukikatika nani anatoa jenereta na mafuta, tukizidisha saa moja inakuwaje, na vimerudi kwenu. Yote kwenye karatasi moja, saini mbili. Uliza na ukumbi pia kama wana vyombo vyao, kumbi nyingine wanavyo na wanatoa kwa bei ndogo, kwa watoto wanaoimba na kucheza ngoma huhitaji spika za kiwanja cha mpira.

Na mkubaliane siku ya kuamua. Kumbi nyingi unalipa nusu kwanza halafu nusu iliyobaki karibu na tukio. Siku tatu kabla ya kulipa nusu ya pili, kusanya hela za tiketi zote zilizouzwa mpaka hapo. Kama mstari wenu ni watu 380 na mmeuza 90, mnaongea siku hiyo hiyo kusogeza tarehe au kuhamia sehemu ndogo. Mkishalipa yote hamna uamuzi tena, mnasubiri tu bahati.

Kuhusu watoto kupewa tiketi wakauze, naomba iwe hiari tupu, na wasirudishwe nyumbani kwa sababu hawakuuza. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016 michango ya shule za serikali ina utaratibu wake, na mtoto kubebeshwa tiketi kwa lazima ni lawama inayomfika mwalimu mkuu. Kibali cha tamasha lenyewe muulizeni afisa utamaduni wa halmashauri mapema, sio wiki ya tukio.

Lini utafute mtu wa kukaa naye uso kwa uso? Kwa hali yako ya sasa sioni haja, hesabu imefunga. Ila kama vile vipande vya mlangoni vikizidi 517, au mwalimu akikana zile tiketi 9 wakati kishina kina jina lake, usibishane wala usimtaje mtu kwenye kundi la wazazi. Nenda kwa mwalimu mkuu na karatasi zako, na ikishindikana hapo waombe mkaguzi wa ndani wa halmashauri apitie, ni kazi yao. Na kama shule yenu ni ya serikali hiyo hela isikae kwenye bahasha nyumbani kwako hata kwa nia njema, ipeleke kwenye akaunti ya shule, upewe stakabadhi, hata hiyo 230,000 ya sasa, usisubiri itimie.

Kesho asubuhi nenda ukumbini ukachukue ile 150,000, na uwaombe karatasi inayoonyesha viti vingapi vimevunjika na bei ya kila kimoja, kwa sababu 50,000 ya "sababu ya viti" bila idadi mzazi yeyote atakuuliza na utakosa jibu. Wakikuonyesha ni viti viwili tu vya plastiki, bishana nao kwa upole, kuna nusu dawati hapo. Dereva wa mziki mpigie akuandikie risiti hata ya mkono yenye tarehe na saini. Halafu uandike zile namba zangu kwenye karatasi moja kubwa, mauzo juu, gharama katikati, chini 425,000, pembeni "mkononi 230,000, amana 150,000, tiketi 9 za mwalimu 45,000", na umwonyeshe mwenyekiti kwanza.